Windows "orijino" ya elfu ishirini kwenye mashine ya FreeDOS

"Kaka fundi, shikamoo. Nafungua steshenari ndogo hapa Uyole, nimebakiza kununua kompyuta mpakato tu. Mwanjelwa nimeona HP mpya ya 1,150,000, ila boksi limeandikwa FreeDOS. Muuzaji anasema ataniwekea Windows orijino kwa elfu ishirini na haitaisha muda. Duka jingine, Sokomatola, wana mashine hiyohiyo kwa 1,450,000 na wanasema ina Windows 11 tayari. Hizo laki tatu ni za nini? Na mashine ikifa, hiyo Windows naweza kuihamishia nyingine?"

Marahaba, mdogo wangu. Chukua ya 1,450,000, lakini usitoe hela kabla hujaipima palepale kaunta kwa namna nitakayokueleza, maana inawezekana kabisa ikawa ni ileile ya FreeDOS iliyopigwa Windows nyuma ya duka. Ya Mwanjelwa nayo ni mashine nzuri, wala haina kasoro. Kasoro iko kwenye ile elfu ishirini.

FreeDOS ni mfumo endeshi wa bure, ulianza kutengenezwa mwaka 1994, na haufanani na Windows hata kidogo. Ukiwasha unakutana na maandishi matupu. Hakuna Word, hakuna kivinjari cha intaneti cha maana, huwezi hata kutuma kazi kwenye printa yako. Kiwanda kinaiweka humo ili mnunuzi aone kwamba mashine inawaka, kisha aweke mfumo anaoutaka mwenyewe. Kwa kuwa kiwanda hakikuilipa Microsoft chochote kwa mashine hiyo, bei inashuka. Kwa hiyo laki tatu unazouliza, sehemu yake kubwa ni leseni ya Windows.

Sasa hapo kwenye neno leseni ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, na wauzaji wanapapenda pabaki hivyohivyo. Kuna leseni na kuna kuamilishwa. Ukipanda basi la Dar pale stendi unakata tiketi, halafu njiani konda anapita kukagua. Leseni ndiyo tiketi: ni haki uliyoinunua ya kutumia Windows kwenye mashine moja. Kuamilishwa ni ule ukaguzi: seva za Microsoft zinaangalia namba uliyoweka na vifaa vya mashine yako, zikiridhika zinaandika kwamba Windows imeamilishwa. Konda anaweza kudanganywa au kukuruka, lakini hilo halikupi tiketi. Ndiyo maana muuzaji anaweza kukuonyesha kwenye skrini neno "Activated", akawa hasemi uongo kuhusu neno hilo, na wewe ukawa huna leseni yoyote.

Leseni halali za Windows utakazokutana nazo mtaani ni za namna tatu.

Ya kwanza ni ya kiwandani, inaitwa OEM. Kampuni kama HP au Lenovo inainunua na kuifunga kwenye mashine moja. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kampuni hizi kubwa haziandiki tena namba ya leseni kwenye stika ya chini. Namba yenye herufi na tarakimu 25 inachomwa ndani ya bayosi, programu ndogo inayoiwasha mashine, iliyo kwenye madabodi yenyewe, yaani bodi kuu ya mashine. Ukifuta diski yote, namba iko palepale. Ukibadilisha diski, iko palepale. Mashine ya FreeDOS haina namba hiyo, na hakuna fundi wa mtaani anayeweza kukuwekea humo ukawa umepata leseni.

Ya pili ni ya rejareja, kwenye skrini inasomeka RETAIL. Hii unainunua peke yake, kwenye kiboksi au kadi, au unatumiwa namba kwa barua pepe pamoja na risiti. Ndiyo leseni ambayo mtu mwenye mashine ya FreeDOS anatakiwa kuinunua.

Ya tatu ni ya mashirika: kampuni, wizara, vyuo. Badala ya kuweka namba tofauti kwenye kila mashine, shirika linaweka seva yake ndani inayoitwa KMS, na kompyuta za ofisini zinajiamilisha kwa kuuliza seva hiyo. Seva haianzi kuamilisha Windows mpaka angalau kompyuta 25 ziwe zimeiuliza, na kila kompyuta inapewa siku 180 tu. Katika siku hizo inairudia seva kila baada ya siku saba ili kuhesabiwa upya. Kompyuta ikihama ofisi na isiione seva tena, siku 180 zikiisha Windows inaanza kudai leseni. Kuna jambo jingine hapa hata mafundi wengi hawalijui: leseni ya Windows ya mashirika ni ya kupandisha daraja tu. Inataka mashine iwe na leseni yake ya msingi tangu mwanzo. Kwa hiyo hata mtu akikwambia ana namba halali ya chuo fulani, namba hiyo haiihalalishi mashine iliyozaliwa na FreeDOS.

"Orijino" ya elfu ishirini mara nyingi inatoka kwenye namna hii ya tatu, kwa mlango wa nyuma. Fundi anaweka toleo la Pro, halafu anaendesha kijiprogramu kinachojifanya seva ya KMS humohumo ndani ya mashine yako. Windows inauliza, "seva iko wapi?", kijiprogramu kinajibu, "niko hapa." Siku 180 zinatolewa, na kijiprogramu kinabaki ndani kikizijaza upya kila mara. Ndiyo maana anakuahidi haitaisha.

Nikueleze mashine moja niliyoletewa, uone inavyokuwa. Mwalimu mmoja wa Rungwe alinunua mpakato mpya wenye FreeDOS, akawekewa Windows kwa mtindo huuhuu, akafurahi. Baada ya mwezi na kitu akaja kulalamika kwamba kivinjari kinajifungulia kurasa za kamari, na barua pepe yake imeingiwa na mtu aliye nchi nyingine. Kabla ya kugusa kitu chochote nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika hivi:

```
slmgr /dli
```

Dirisha dogo likafunguka baada ya sekunde chache. Mistari ya maana ilisomeka hivi:

```
Name: Windows(R), Professional edition
Description: Windows(R) Operating System, VOLUME_KMSCLIENT channel
Partial Product Key: T83GX
License Status: Licensed
Volume activation expiration: 201600 minute(s) (140 day(s))
```

Tazama mstari wa nne: "Licensed". Mwalimu alikuwa ameonyeshwa neno hilo dukani akaondoka na amani. Lakini mstari wa pili unasema VOLUME_KMSCLIENT, yaani mashine hii inajitambulisha kama kompyuta ya ofisini iliyo chini ya seva ya shirika. Shirika gani, wakati ni mpakato wa mwalimu mmoja wa Rungwe? Herufi T83GX ni mwisho wa namba ambayo Microsoft yenyewe imeitangaza hadharani kwa ajili ya kompyuta za Pro zilizo chini ya KMS. Namba hiyo haina thamani ya shilingi moja, kwa sababu yenyewe haiamilishi kitu bila seva. Na mstari wa mwisho unazihesabu siku kwa uwazi: 40 zimekwisha, 140 zimebaki. Kumbe hata kile kijiprogramu kilikuwa hakifanyi kazi iliyoahidiwa ya kuzijaza upya.

Kisha nikafungua Windows Security, sehemu ya Exclusions, ambako antivirasi ya Windows inaambiwa maeneo ya kutoyakagua. Humo kulikuwa na C:\ nzima. Yaani aliyeweka kile kijiprogramu cha kudanganya leseni, ambacho mafundi tunakiita kraki, aliiambia antivirasi isikague diski yote. Alilazimika kufanya hivyo, kwa sababu kijiprogramu cha aina hiyo kinakamatwa mara moja. Na hapo ndipo penye hatari yenyewe, kuliko hata suala la leseni. Fundi naye anakipakua kwenye tovuti asiyoijua mwenyewe, hajui nani amekifungasha na nini ndani yake, halafu anakipa ruhusa ya juu kabisa ya mashine huku mlinzi amefungwa macho. Desemba 2021 watafiti wa usalama walieleza jinsi nakala za KMSPico, kijiprogramu maarufu cha kazi hii, zilivyofungashwa na Cryptbot, mdudu anayekomba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari na pochi za fedha za kidijitali. Sasa wewe unafungua steshenari. Wateja watakaa kwenye mashine yako kujaza maombi ya mkopo wa chuo na ya ajira, wataingiza namba za NIDA na nywila zao. Mdudu akikaa humo anachota vya watu wote watakaopita hapo Uyole, nao wamekuja kwako kwa kukuamini. Hili linaniuma kila ninapoliona.

Mashine ya mwalimu niliifuta yote nikaanza upya, na nywila zote alizibadilisha akitumia simu, kabla hajaigusa tena kompyuta.

Haya, turudi kaunta ya Sokomatola.

Anza na boksi. Stika ya boksi la HP ina orodha ya vilivyomo: prosesa, ukubwa wa diski, na mfumo endeshi. Inatakiwa isomeke Windows 11 Home, au Windows 11 Home Single Language ambayo ni ya kawaida kwenye mashine zinazoletwa kwetu, au Pro. Ikisomeka FreeDOS na muuzaji anakwambia "tumeshaiweka Windows", umeshapata jibu. Linganisha pia namba ya mashine ya kiwandani, yaani serial number, iliyo kwenye boksi na ile iliyo chini ya mashine, maana mabokisi huwa yanabadilishana.

Halafu washa. Mashine iliyotoka kiwandani na Windows, ikiwashwa mara ya kwanza inakuuliza uko nchi gani, unatumia kibodi ya lugha gani, unajiunga na waifai ipi. Ikikupeleka moja kwa moja kwenye dawati lenye mtumiaji aitwaye "User" au "Admin", ujue kuna mkono umeshapita. Haimaanishi lazima ni kraki, huenda waliijaribu tu, lakini sasa una sababu ya kupima.

Andika `slmgr /dli` kama nilivyofanya mimi. Kwa mashine ya kiwandani unatarajia kuona OEM_DM kwenye mstari wa Description. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT, rudisha mashine kwenye boksi na uage kwa heshima. Ukiona VOLUME_MAK ni hivyohivyo: hiyo ni namba ya shirika inayoweza kutumika mara nyingi, mtu ameichukua anaiuza kwa vipande, na Microsoft wakiigundua wanaifunga.

Bado hapo hatujamaliza, kwa sababu kuna kraki nyingine ya kijanja zaidi. Hii haitumii KMS. Inazidanganya seva za Microsoft mpaka zinaisajili mashine kana kwamba ina haki, na ukipima inaonyesha RETAIL bila siku za kuisha. Dalili yake moja ni herufi tano za mwisho: kwa Pro utaona 3V66T, kwa Home utaona 8HVX7. Lakini usimhukumu mtu kwa dalili hiyo peke yake. Mashine halali iliyofutwa ikawekwa Windows upya bila kuandikiwa namba inaonyesha herufi hizohizo, kwa kuwa ni namba za jumla za Microsoft ambazo Windows inajiwekea yenyewe. Kipimo cha kuamulia ni kuiuliza bayosi. Bonyeza kitufe cha Windows, tafuta PowerShell, ifungue na uandike:

```
(Get-CimInstance -ClassName SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey
```

Ukirudishiwa namba yenye mafungu matano ya herufi tano tano, bayosi ina leseni ya kiwandani, na laki tatu zako zina kitu. Ukirudishiwa nafasi tupu, madabodi haina leseni, skrini iseme itakavyosema. Hapo muuzaji anabaki na njia moja tu: akuonyeshe kadi au kiboksi cha leseni ya rejareja, na herufi tano za mwisho za namba hiyo zilingane na zile za Partial Product Key. Namba itakayotokea kwenye PowerShell usiipige picha ukaiweka kwenye kundi la WhatsApp. Ni mali yako.

Ukiridhika, dai risiti ya EFD inayotaja jina la mashine, namba yake na toleo la Windows. Siku ya kubishana risiti iliyoandikwa "laptop 1" haitakusaidia. Biashara yako itakuwa imesajiliwa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu na nyimbo.

Tupige hesabu sasa. Kwenye duka la mtandaoni la Microsoft kule Marekani, Windows 11 Home inauzwa dola 139 na Pro dola 199. Chukua Home, ibadilishe kwa shilingi 2,500 kwa dola ili tupate mwanga tu, unapata kama 347,500. Jumlisha na 1,150,000 ya Mwanjelwa, inafika 1,497,500. Kwa hiyo ile ya Sokomatola, ikipita vipimo, ni nafuu kuliko kununua tupu na kuiwekea leseni halali mwenyewe, na umeepuka kazi ya kuipiga Windows. HP wanaponunua leseni kwa mamilioni hawalipi bei unayolipa wewe kwa moja. Ukiona mtandaoni namba ya Pro kwa dola kumi au kumi na tano, jiulize imepitia wapi mpaka ikashuka hivyo. Nyingi ni namba za mashirika zilizovuja. Zinakubali leo, baada ya miezi kadhaa unaamka na maandishi ya "Activate Windows" kwenye kona ya skrini na kosa kama 0xC004C003, maana yake namba imefungwa. Aliyekuuzia wakati huo hapatikani.

Niseme pembeni, kwa sababu nakuona unafungua steshenari: Word na Excel hazimo ndani ya leseni ya Windows. Mashine mpya huja na Microsoft 365 ya majaribio, ikiisha inataka malipo yake. Watu wananunua Windows halali, halafu kraki inaingia kwa mlango wa Office, na hasara inakuwa ileile. Kama bajeti imeisha, anza na LibreOffice ambayo ni ya bure kabisa na inafungua mafaili ya Word. Mpangilio wa kurasa zenye majedwali mengi huwa unasogea, kwa hiyo mwambie mteja aiangalie kazi kwenye skrini kabla hujachapa.

Huenda ukaniuliza, kwa nini nisinunue ya FreeDOS nikaweka Linux Mint au Ubuntu, ambazo hazidai leseni? Ni njia halali na salama, na kwa mwanafunzi au mtu wa kuandika na kuingia mtandaoni ningemshauri hivyo bila kusita. Kwako nasita kwa sababu ya kazi: wateja watakuletea kwenye fleshi mafaili ya Publisher, na si kila printa ya steshenari ina draiva, yaani programu ya kuiendesha, iliyo nzuri kwa Linux. Ukiamua kwenda huko, hakikisha kwanza printa unayoitaka inakubali, kabla hujanunua chochote.

Na kama Sokomatola wakishindwa kipimo na ukaamua kuchukua ya Mwanjelwa pamoja na leseni halali ya rejareja, faili la kuwekea Windows ni la bure. Linapakuliwa kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe na linawekwa kwenye fleshi ya GB 8 au zaidi. Andaa bando la kutosha, maana faili lina GB kadhaa. Mashine za FreeDOS zina mitego miwili wakati wa kuweka. Wa kwanza, unafika kwenye hatua ya kuchagua diski na hakuna diski inayoonekana. Usikubali kuambiwa diski imekufa. Mashine nyingi za Intel tangu kizazi cha 11 zinaificha diski nyuma ya kitu kinachoitwa VMD, nayo inataka draiva ya Intel Rapid Storage iwekwe kwenye fleshi ileile, au VMD izimwe kwenye bayosi. Wa pili, Windows 11 inadai intaneti kabla haijakufikisha kwenye dawati, na waifai bado haina draiva. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, ruhusu simu igawe intaneti kwa USB, utavuka. Ukishaingia, draiva zote zichukue kwenye tovuti ya HP kwa kutumia namba ya mashine yako.

Wakati wa kuweka, kuna kitu kidogo cha kukitazama kwa makini. Kwenye mashine yenye namba ndani ya bayosi, Windows haikuulizi namba wala toleo. Inaisoma yenyewe na kuendelea. Kwenye ya FreeDOS inasimama na kukuomba namba. Nakutajia hili kwa sababu ya mashine za mtumba zinazoletwa kutoka Dubai na Ulaya. Nyingi zinafika diski zimefutwa, zinaonekana kama hazina Windows, na fundi anakutoza hela ya "leseni". Kumbe leseni iko kwenye bayosi tangu kiwandani, kinachotakiwa ni kuweka toleo lilelile, Home kwa Home na Pro kwa Pro, kisha kuunganisha intaneti. Ukiiwekea Pro mashine yenye leseni ya Home haitaamilika, na hapo ndipo kraki inapoletwa bila sababu kwenye mashine iliyokuwa na haki yake. Kama ndugu yako ana mashine ya mtumba isiyo na mfumo, iwashe kwa fleshi ya Linux Mint bila kuweka kitu kwenye diski, fungua dirisha la amri na uandike:

```
sudo strings /sys/firmware/acpi/tables/MSDM
```

Leseni ikiwepo, namba itatokea mwishoni. Isipokuwepo, utaambiwa faili halipo.

Kuhusu kuhamisha: ya kiwandani haihami. Imefungwa kwenye madabodi, na madabodi ikiungua leseni inakwenda nayo, hata kama diski yako ni nzima. Kinachosalimika ni pale HP wenyewe wanapokubadilishia madabodi ndani ya waranti, kwa sababu wanaiandikia upya. Kubadilisha diski au kuongeza RAM hakuna shida. Ya rejareja inahama, ila inakaa kwenye mashine moja kwa wakati mmoja. Ukitaka kuihamisha, ondoa namba kwenye mashine ya zamani kama bado inawaka, fungua PowerShell kwa haki za msimamizi na uandike `slmgr /upk`, kisha ingiza namba kwenye mpya. Kama ya zamani imekufa ghafla, kazi inakuwa rahisi zaidi kama uliiunganisha na akaunti yako ya Microsoft: ukurasa wa Activation unapaswa kusomeka "Windows is activated with a digital license linked to your Microsoft account". Basi siku ya kwanza ukishafika nayo Uyole, ingia kwa akaunti yako mwenyewe, si ya muuzaji wala ya fundi, na nywila yake iandike kwenye daftari utakaloliacha nyumbani, si chini ya kibodi pale dukani.